Mnyoo tumboni mwa dagaa: ni ugonjwa tu, au samaki anaendeshwa?

Ukikaa na akina mama wanaochambua dagaa mwaloni Kirumba au Igombe, Mwanza, asubuhi, kabla jua halijakausha mzigo, utaona kila baada ya muda mkono unasita juu ya dagaa mmoja aliyetuna tumbo. Anaonekana kama mwenye mayai, lakini hana. Mpasue kwa ukucha kutoka mkunduni kuelekea kichwani na kitachomoza kitu kama utepe: cheupe, bapa, laini, kilichojikunja mara kadhaa mpaka kimejaza nafasi yote kati ya utumbo na mbavu. Kinyooshe kwenye sahani, na si ajabu ukakuta kinamzidi samaki mwenyewe kwa urefu. Kama samaki ametoka majini muda si mrefu, utepe huo unajinyonga polepole, kwa sababu ni kiumbe hai.

Wapo wanaodhani ni utumbo na wapo wanaodhani ni mafuta. Ni tegu mchanga, na wataalamu humwita Ligula. Mlaji asitie hofu: mnyoo huyu hukomaa ndani ya ndege anayekula samaki, binadamu si sehemu ya njia yake, na dagaa aliyekaushwa vizuri au kupikwa hana mnyoo aliye hai. Kinachotushughulisha hapa ni jambo lingine. Ili azae, Ligula lazima atoke ndani ya dagaa na kuingia ndani ya ndege, na hana mguu, bawa wala meno ya kumfikisha huko. Njia yake ni moja tu: dagaa aliyembeba aliwe. Je, mnyoo anafanya lolote ili dagaa huyo aliwe upesi kuliko wenzake?

Swali hilo huulizwa juu ya vimelea wengi, na majibu yanayosambaa mitandaoni ni mepesi mno. Utasoma kwamba mnyoo "anamwendesha" samaki, kwamba kimelea fulani "amempumbaza" panya ampende paka. Baadhi ya hayo yana ushahidi mzito, na mengine yamesimama juu ya kitu kimoja tu, kwamba mnyama mgonjwa hatendi kama mnyama mzima. Ugumu wote wa somo hili ni kutenganisha hayo mawili, na dagaa wa Ziwa Victoria anafaa kutufundishia kwa sababu kwake yamesongamana ndani ya tumbo moja.

Safari ya utepe

Tuanzie kwa ndege. Mnandi, yule ndege mweusi anayeanika mabawa juu ya mawe ya Mwanza, anapommeza dagaa mwenye Ligula, mnyoo anajikuta ghafla kwenye joto la nyuzi 40 hivi. Joto hilo ndiyo ishara yake. Viungo vyake vya uzazi vilikuwa vimekwisha kuandaliwa angali ndani ya samaki, kwa hiyo hahitaji kukua tena. Ndani ya siku chache anakomaa, anataga mayai, kisha anakufa. Maisha yake ya utu uzima ni mafupi mno ukilinganisha na miezi aliyokaa ndani ya samaki akinenepa.

Mayai yanatoka na kinyesi cha ndege na kuanguka majini. Yakianguliwa, hutoa kiluwiluwi mwenye vinyweleo anayeogelea kwa muda mfupi akisubiri kuliwa na kopepodi, yaani kale kadudu kadogo ka jamii ya kamba kanakoruka-ruka ukichota maji ya ziwa kwenye glasi na kuyaangalia dhidi ya mwanga. Kopepodi ni chakula cha kila siku cha dagaa. Dagaa anammeza, kiluwiluwi anatoboa ukuta wa utumbo na kuingia katika nafasi ya tumbo, na hapo ndipo anaanza kukua kuwa ule utepe.

Akishatulia tumboni, jambo la kwanza linaloonekana wazi ni kwamba dagaa hapati mayai wala shahawa. Si kwamba mnyoo ameyala. Samaki wa Ulaya walioambukizwa Ligula walipochunguzwa, ilionekana kwamba tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo, haitoi homoni za uzazi inavyopaswa, na ovari na korodani zinabaki changa. Kwa mnyoo hii ni faida kubwa. Dagaa jike hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kutengeneza mayai, na mayai yasipotengenezwa chakula hicho kinabaki mwilini, ambako kuna mwingine anayekingoja.

Kuhasiwa kwa namna hii kuna ushahidi wa kutosha na hakuna anayeubishia. Kazi ipo kwenye mwenendo.

Kuliwa zaidi hakutoshi

Mwaka 1952 mtafiti wa Uholanzi, van Dobben, alichapisha hesabu ambayo bado hurejewa. Alilinganisha samaki waliokuwa wameliwa na minandi na samaki wa aina hiyohiyo waliokuwa ziwani. Kati ya walioliwa, asilimia 30 walikuwa na Ligula. Kati ya wale wa ziwani, asilimia 6.5 tu. Yaani ndege walikuwa wanaokota wenye mnyoo zaidi ya mara nne kuliko ambavyo wangewapata kwa bahati. Miaka mingi baadaye, Géraldine Loot na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba samaki wenye Ligula hawakai sehemu zilezile za ziwa wanakokaa wazima.

Msomaji makini atashika jambo moja hapa. Samaki mwenye utepe mzito tumboni ana sababu nyingi za kukaa pabaya ambazo hazihitaji mnyoo awe na ujanja wowote. Tumbo lililotuna linabana kibofu cha hewa, na samaki anashindwa kujishusha chini vizuri. Mnyoo anakula, kwa hiyo samaki ana njaa, na samaki mwenye njaa hutoka kutafuta chakula saa ambazo mwenzake aliyeshiba amejificha. Mwili ulioumuka ni mgumu kuusukuma majini, kwa hiyo ndege mvuvi kama mdiria akitumbukia, huyu anachelewa kukwepa. Yote hayo yangetokea hata kama tumboni kungekuwa na kokoto.

Kwa dagaa hili ni la maana hasa, kwa sababu maisha yake yote yamepangwa juu ya kukwepa wanaomla. Dagaa mzima hushinda karibu na chini mchana na kupanda juu usiku. Ndiyo maana wavuvi wa Mwanza huvua gizani kwa taa na kupumzika mbalamwezi ikiwa kali. Mdiria wa madoa meusi na meupe huvua mchana kwa macho, na mbizi yake haifiki mbali chini ya uso wa maji. Sangara walipojaa ziwani miaka ya 1980 na furu wakapungua, watafiti waliokuwa Ghuba ya Mwanza waliona mdiria huyu akihamia kwenye dagaa. Kwa hiyo dagaa yeyote anayeonekana karibu na uso wa maji saa sita mchana yuko mahali pasipomfaa. Kama wenye mnyoo ndio wengi hapo, tumepata jambo la kweli, lakini bado hatujajua kama ni mkono wa mnyoo au uzito wa mnyoo.

Mnyoo asiyemwelemea samaki wake

Njia moja ya kuvuka kikwazo hicho ni kutafuta kimelea ambaye hamdhoofishi mwenyeji wake. Yupo mmoja katika vinamasi vya chumvi vya pwani ya California. Ni mnyoo bapa mdogo sana anayepitia kwa konokono, kisha kwa samaki mdogo wa kinamasi, kisha kwa ndege. Ndani ya samaki hakai tumboni. Anakwenda kujipanga juu ya ubongo, na samaki mmoja anaweza kubeba mamia hata maelfu yao, kama punje zilizotandazwa. Ukimtazama samaki huyo kwa nje hutamjua: hajatuna, hajakonda, anakula kama kawaida.

Kevin Lafferty na Kimo Morris, katika utafiti waliouchapisha 1996, walianza kwa kukaa mbele ya tangi na kuhesabu. Waliandika kila samaki alipojigeuza ubavu ukamulika, alipojitikisa, alipopanda juu ghafla, yaani kila tendo ambalo ndege angeliona kutoka juu. Wenye vimelea walifanya hivyo mara nne zaidi ya wazima, na kadiri vimelea walivyokuwa wengi ubongoni ndivyo matendo yalivyoongezeka.

Hadi hapo ni mwenendo tu. Kilichoupa utafiti huu heshima yake ni hatua ya pili. Walijenga vizimba vya wavu kwenye kinamasi, wakaweka ndani samaki wenye vimelea na wasio na vimelea pamoja. Kizimba kimoja kiliachwa wazi juu ili ndege waingie, kingine kikafunikwa. Baada ya takriban wiki tatu wakawakusanya waliobaki na kuwapasua. Katika kizimba kilichofunikwa, wenye vimelea walikuwa bado wapo, na hiyo inaonyesha kwamba hawakuwa wanajifia wenyewe. Katika kile kilichokuwa wazi, wenye vimelea walikuwa wameliwa mara 10 hadi 30 zaidi ya wazima, na waliobeba vimelea wengi ndio waliopungua zaidi.

Kizimba kile kilichofunikwa ndicho roho ya jaribio. Bila hicho mtu angesema samaki wagonjwa wamekufa tu. Kila unaposoma madai kwamba kimelea fulani anamsukuma mwenyeji wake kinywani mwa adui, tafuta kizimba kilichofunikwa, au kitu kinachofanya kazi yake. Kisipokuwepo, madai hayo ni nusu.

Saa ndiyo shahidi

Njia ya pili ni kuangalia wakati. Ugonjwa huongezeka polepole, na haujui kama kimelea yuko tayari kuhama au la. Kimelea anayeendesha, kwa upande wake, angepaswa kutaka mambo mawili yanayopingana: mwenyeji aliwe akishakuwa tayari, na asiliwe kabisa kabla ya hapo, maana akiliwa mapema wote wawili wanapotea. Kwa hiyo ukiona mwenendo unageuka kinyume siku ileile kimelea anapokomaa, maelezo ya ugonjwa peke yake yanaanza kushindwa.

Hilo limeonekana kwa tegu aliye jamaa wa karibu wa Ligula, mwenye safari ileile ya kopepodi, samaki na ndege, ambaye samaki wake ni yule mdogo wa maji ya baridi mwenye miiba mitatu mgongoni. Watafiti wa Plön, Ujerumani, walimwangalia kopepodi aliyembeba. Siku za mwanzo, mnyoo akiwa bado hawezi kuishi ndani ya samaki, kopepodi anatulia kuliko kawaida, na kopepodi aliyetulia haonekani na samaki. Baada ya takriban wiki mbili mnyoo anakuwa tayari, na kopepodi yuleyule anaanza kuruka-ruka kuliko kawaida.

Mwaka 2015 Nina Hafer na Manfred Milinski walikwenda mbali zaidi. Walimwambukiza kopepodi mmoja minyoo wawili kwa siku tofauti, ili mmoja awe tayari huku mwenzake bado mchanga. Mkubwa anataka waliwe, mdogo anataka wangoje. Kama mwenendo ungekuwa matokeo tu ya mwili kuchoka, ungetarajia kitu cha katikati. Haikuwa hivyo. Kopepodi alitenda kama aliyebeba yule mkubwa peke yake, na utulivu aliotaka mdogo ukafutika. Kwa maoni yetu huu ni kati ya ushahidi safi kuliko wote katika somo hili, kwa sababu unaonyesha minyoo wawili wakivutana juu ya mwili mmoja, na mmoja akishinda.

Kwa wadudu, mfano ulio karibu nasi zaidi ni mbu wa malaria. Vimelea wa malaria wakiingia ndani ya mbu hukaa kwanza kwenye ukuta wa tumbo lake, wakiongezeka kwa siku 10 hadi 14 hivi, kisha huhamia kwenye tezi za mate wakiwa tayari kumwingia mtu. Kila mara mbu anapouma anahatarisha maisha, maana kofi la mtu haliko mbali. Kwa hiyo kimelea aliye tumboni angependa mbu apunguze kuuma, na aliye kwenye mate angependa aume sana. Kipimo cha maabara kilichochapishwa 1999 na Anderson, Koella na Hurd, kwa mbu na malaria ya panya, kilionyesha mfano huohuo: mbu wenye vimelea wachanga walikata tamaa upesi wakisumbuliwa, na wenye vimelea kwenye mate walirudi tena na tena.

Hapa Tanzania, utafiti wa Koella na wenzake wa mwaka 1998 ulichukua mbu wa kawaida wa majumbani na kupima damu waliyokuwa nayo tumboni, ni ya mtu mmoja au zaidi. Kati ya mbu wasio na vimelea kwenye mate, asilimia 10 walikuwa na damu ya watu wawili au zaidi kwa usiku mmoja. Kati ya wenye vimelea, asilimia 22. Kwa familia inayolala chumba kimoja bila chandarua, tofauti hiyo ina maana mbu yuleyule hatari ndiye anayepita kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine.

Lakini hata hapa kuna mtego. Mwaka 2013 Lauren Cator na wenzake waliwadunga mbu bakteria waliouawa kwa joto, yaani kitu kisicho hai na kisicho na nia yoyote, na wakaona mabadiliko ya namna ileile katika hamu ya kula. Maana yake kinga ya mbu yenyewe inaweza kuzaa mwenendo huo. Je, hilo linafuta habari ya kuendeshwa? Hapana, kwa sababu kimelea anaweza kabisa kutumia kinga ya mwenyeji kama usukani. Ila linatuzuia kusema kwamba malaria imetengeneza ufundi maalumu ndani ya mbu. Linatuambia pia kosa la kawaida la majaribio haya: kumlinganisha mgonjwa na mzima tu. Unahitaji kundi la tatu, ambalo mwili wake umeshtushwa kwa njia nyingine.

Panya na harufu ya paka

Mfano wa panya ndio unaojulikana kuliko yote, na ndio unaotiwa chumvi kuliko yote. Kimelea wake ni toksoplazma, kiumbe wa seli moja. Anaweza kukaa katika nyama na ubongo wa wanyama wengi wenye damu moto, lakini hatua yake ya kupandana na kutoa mayai hufanyika ndani ya utumbo wa jamii ya paka tu. Panya mwenye toksoplazma ubongoni akifa kwa sumu, safari ya vimelea wake imeishia hapo, isipokuwa mzoga uliwe na paka au mnyama mwingine.

Mwaka 2000 Manuel Berdoy, Joanne Webster na David Macdonald wa Oxford walitumia panya 23 walioambukizwa na 32 wazima. Kila panya aliwekwa usiku katika uzio wenye kona nne zenye vibanda. Kona moja ilikuwa na harufu ya panya mwenyewe, nyingine maji tu, nyingine mkojo wa paka, na ya nne mkojo wa sungura. Kona ya sungura ndiyo iliyowekwa kwa akili zaidi. Panya akipoteza uwezo wa kunusa, au akiwa anazurura ovyo kwa ugonjwa, mwenendo wake ungebadilika kwa sungura pia. Panya wazima waliikwepa kona ya paka. Walioambukizwa hawakuikwepa, na baadhi yao walionekana kuipendelea. Kwa sungura makundi hayo hayakutofautiana.

Miaka iliyofuata picha ilichanganyika. Utafiti uliochapishwa 2007 na Ajai Vyas na wenzake ulikubaliana nao: hofu ya paka ilipungua huku hofu nyingine na uwezo wa kujifunza vikibaki. Lakini mwaka 2020 kundi la Geneva lilionyesha kwamba panya wadogo walioambukizwa walikuwa wamepoteza wasiwasi kwa jumla. Walikwenda hata kwenye harufu za wanyama wengine na sehemu za wazi wanazoogopa kwa kawaida, na kiwango cha mabadiliko kilikwenda pamoja na wingi wa vifuko vya vimelea na uvimbe ubongoni. Tofauti hizi zinatokana kwa sehemu na aina ya toksoplazma iliyotumika, kipimo cha maambukizi, na siku ngapi zimepita. Mwenye maambukizi mazito ana ubongo uliowaka wote, na humo huwezi kutafuta ufundi wa kulenga paka peke yake.

Zaidi ya hayo, kizimba kilichofunikwa hakipo katika majaribio haya. Kupoteza hofu ya harufu ndani ya uzio ni jambo moja, na kuliwa na paka mara nyingi zaidi katika ghala la mahindi ni jambo jingine. Kilicho karibu zaidi na ushahidi wa porini kimetoka jirani, Maasai Mara, kwa fisi. Kumbukumbu za miaka mingi zilizochapishwa 2021 zilionyesha kwamba watoto wa fisi walioambukizwa toksoplazma waliwakaribia simba kwa wastani wa mita 44, na wasioambukizwa mita 91, na waliokuwa na maambukizi waliuawa na simba zaidi. Simba ni wa jamii ya paka, kwa hiyo hesabu ya kimelea inatimia. Ila hakuna aliyewaambukiza fisi kwa makusudi, na mtoto wa fisi mwenye ujasiri wa kuzaliwa anaweza pia kuwa ndiye anayekula mizoga ya hatari na kuambukizwa. Mshale wa sababu unaweza kuelekea upande wowote.

Kumrudia dagaa

Sasa tuseme mwanafunzi wa uvuvi Mwanza anataka kulijua la dagaa. Achukue sampuli mbili siku moja, eneo moja: dagaa 300 kutoka kwenye mtumbwi uliovua usiku, na 300 waliochotwa kwa wavu wa mkono karibu na uso wa maji mchana. Tuseme anakuta wenye Ligula 12 katika kundi la kwanza na 45 katika la pili. Hiyo ni asilimia 4 dhidi ya 15, na inavutia, lakini asikimbilie kuandika.

Kwanza apime urefu wa kila samaki na kulinganisha wa urefu mmoja kwa mmoja. Dagaa wakubwa wamekula kopepodi kwa miezi mingi zaidi, kwa hiyo tofauti ya umri pekee inaweza kuzaa tofauti ya minyoo. Pili, ajue kwamba nyavu huchagua: dagaa aliyetuna tumbo ananaswa na jicho la wavu ambalo mwembamba wa urefu uleule angepenya. Tatu, taa nayo huchagua, maana hatujapimiwa kama mwenye mnyoo anaifuata taa sawa na mzima. Nne, asitumie dagaa waliokwisha anikwa. Mnyoo akikauka anasinyaa kama uzi na kugandamana na utumbo, na hesabu itatoka ndogo kuliko ukweli. Samaki wawekwe kwenye barafu na wapasuliwe siku hiyohiyo.

Asijaribu pia kutumia matapishi makavu ya mdiria chini ya matawi anakolala, ingawa ni rahisi kuyaokota. Yana mifupa na magamba ya dagaa, lakini mnyoo hana mfupa, kwa hiyo hutajua aliyeliwa alikuwa naye au la. Van Dobben aliweza hesabu yake kwa sababu alikuwa na samaki wenyewe.

Kisha apime mnyoo kwenye mizani ya miligramu, na hapa ndipo swali la mwanzo linapopata jibu. Kama ni uzito tu unaompandisha dagaa juu, basi wenye minyoo midogo watakuwa juu kidogo, wa wastani zaidi, na wakubwa zaidi tena, mstari ukipanda taratibu bila kukatika. Kama mnyoo anaendesha, wenye minyoo michanga watakaa chini na wenzao wazima, pengine chini zaidi yao, na ghafla kwenye uzito fulani watatokea juu. Uzito huo unapaswa kuwa uleule ambao mnyoo anaweza kuzaa akiingia kwa ndege.

Na hilo la mwisho linapimika bila kumgusa ndege yeyote. Mwaka 1947 J. D. Smyth alionyesha kwamba Ligula aliyetolewa ndani ya samaki bila kuchafuliwa na bakteria, akawekwa kwenye supu ya maabara yenye joto la nyuzi 40, hukomaa na kutaga ndani ya siku chache. Kinachoharibu kazi hii ni uchafu: ukigusa utumbo wa samaki wakati wa kumtoa mnyoo, supu inachacha usiku uleule. Lakini minyoo wa uzito mbalimbali wakipangwa kwenye chupa zao, wa chini ya kiwango watakufa bila kutaga, na wa juu yake wataacha chini ya chupa mayai ya kuhesabika kwa darubini.